Anayeshika toroli kabla hujamwita

Shikamoo Shangazi,

Mwezi uliopita nilisafiri na mama, ambaye magoti yanamsumbua. Tulitua saa 3 usiku. Kaka ndiye alikuwa atupokee, lakini tulipotokeza tu kwenye ukumbi wa wanaowasili akapiga simu kwamba amekwama njiani. Watu walikuwa wamejaa hadi milangoni. Hata sijakata simu, kijana mwenye kizibao cha manjano na kitambulisho shingoni alishashika toroli letu. "Pole dada, kaka amechelewa? Msihangaike, nina gari la uwanja." Tukamfuata hadi maegesho ya mbali. Huko mwenzake akafungua buti, akatia sanduku moja, ndipo akataja bei. Nilipokataa wakatuzunguka wanne, wanadai mchukuzi alipwe kwanza. Nikalipa, wakatoa sanduku. Tuliporudi ndani nikakuta simu haimo mkobani.

Baada ya wiki 3 tunasafiri tena, mimi na mama, na kaka yuleyule ndiye atakayetupokea. Nimtambueje mchukuzi wa kweli? Tukisubiri, tusubiri wapi? Na mama ananikanya nisiwajibu watu vibaya. Nitakataaje bila kumwaibisha mzee wangu?

Dada wa toroli

*

Marahaba mwanangu. Poleni sana, na umpe mama pole yangu kwa kutembezwa usiku na magoti yale.

Nilikaa miaka 11 kwenye dawati la taarifa la uwanja wa ndege, mbele kabisa ya mlango wanakotokea abiria. Kutoka pale nilikuwa naona kitu ambacho abiria mwenye mizigo hawezi kukiona: yule wa kizibao, yule wa gari na yule aliyechukua simu mara nyingi wanafahamiana. Mmoja anakung'oa ulipo, wa pili anakupokea mahali pasipo na watu wa kukutetea, wa tatu anafanya kazi yake wakati mikono na akili yako viko kwenye ugomvi. Kwa hiyo sitakuambia uwaogope watu wa aina 3. Nitakuambia ulinde jambo moja tu, mahali uliposimama. Wakishindwa kukuhamisha, wengi wao hawana tena la kufanya.

Nianze na mahali pa kusubiri, maana hapo ndipo mlipopotelewa hata kabla kijana hajafungua mdomo. Uwanja wa ndege umegawanyika. Kuna sehemu anayoingia kila mtu, ambayo ni ukumbi wa wanaowasili, mabaraza ya nje na maegesho. Na kuna sehemu ya ndani, ambako kwa kawaida wanaingia abiria na wafanyakazi wenye vibali tu. Ukishuka kwenye ndege ya kimataifa, chumba chenye mkanda wa mizigo kiko upande huu wa ndani, kabla ya forodha. Mlango wa forodha ni wa kutoka tu, ukishauvuka hurudi. Watu wengi wanachukua masanduku, wanautoka haraka, halafu ndipo wanapiga simu kuuliza mpokeaji yuko wapi. Geuza utaratibu huo. Mkishapata mizigo, sogeeni pembeni mbali na mkanda, mwende msalani mkiwa bado ndani, kisha ndipo umpigie kaka. Akisema yuko njiani, kaeni hapohapo ndani kwa muda mtakaoruhusiwa. Tokeni atakapokuambia amesimama mlangoni.

Hilo lina mipaka yake. Viwanja vingine vina walinzi wanaowahimiza abiria watoke, hasa ndege nyingi zikitua pamoja. Na kwa safari za ndani ya nchi, mara nyingine chumba cha mizigo kiko wazi kwa yeyote. Mkilazimika kutoka, usisimame kwenye uzio wanakosimama wapokeaji. Pale kila mtu anawatazama, na anayetafuta windo anajua papo hapo nani hajapokewa: ni yule anayegeuza kichwa huku na huku, simu sikioni. Piteni bila kusimama hadi kwenye dawati la taarifa, au kaunta ya shirika mlilosafiri nalo, au viti vilivyo karibu na kituo cha polisi cha uwanja kama kipo. Mgongo uwe ukutani, toroli liwe mbele yenu, mama akae upande wa ukuta na wewe upande wa njia.

Halafu, mwanangu, punguza sauti ya simu. Kijana hakubahatisha kwamba mpokeaji ni kaka na kwamba amechelewa. Aliyasikia kinywani mwako. Ukiwa ukumbini andika ujumbe badala ya kuongea, na kama lazima uongee, maneno kama "bado hujafika?" na "sasa tutafanyaje?" yameze. Vilevile tazama lebo zinazoning'inia kwenye masanduku. Mtu akikuita kwa jina lako kamili, usidhani ametumwa na wenyeji wako. Huenda amelisoma hapo kwenye sanduku.

Sasa mchukuzi. Kizibao si ushahidi wa kitu chochote, maana kinauzwa kwa kila anayekihitaji, na kitambulisho kilichogeuzwa nyuma au kufichwa ndani ya kizibao hakikuambii lolote. Cha kweli kina picha, jina au namba, na tarehe ya mwisho wa kutumika, na mwenyewe anakivaa kikiangalia mbele kwa sababu uwanja unamlazimisha. Lakini mimi sikuambii ukasome vitambulisho usiku, mama amechoka. Kuna kipimo chepesi zaidi. Palipo na wachukuzi rasmi, pana mahali wanapoanzia kazi: kaunta au kibanda chenye bei iliyobandikwa, nawe unapewa risiti au namba ya mchukuzi wako. Kwa hiyo anapokujia mtu, mwambie: "Sawa, twende kwanza kaunta ya wachukuzi waniandikie risiti." Wa kweli atakwenda, pengine atafurahi. Wa bandia atakuwa na sababu. Kaunta imefungwa, au ni mbali, au atakulipia mwenyewe baadaye, au hakuna haja maana ni msaada tu. Sababu yoyote itakayokuja baada ya ombi hilo ni jibu tosha.

Tazama pia anavyotembea. Mchukuzi halali anakuuliza unakwenda wapi na kukupeleka hapo, akiwa kando yako. Wa bandia anakutangulia kwa hatua ndefu, anakata kona, na wewe unamfuata kwa kuwa mzigo wako unamfuata. Ukijikuta unakimbilia toroli lako mwenyewe, simama. Usiongeze mwendo. Sema kwa sauti ya kusikika na watu 10 walio karibu: "Rudisha toroli hapa." Anayetaka ujira atasimama, maana hataki kutazamwa.

Na kama atakimbia na begi? Paza sauti, lakini naomba unisikilize kwa makini hapa: usipige kelele ya mwizi. Nimeona neno hilo likimwangukia kijana asiyehusika kwa sababu tu alikuwa anawahi ndege, na watu hawakuuliza mara mbili kabla ya kuinua mikono. Taja kitu chenyewe. "Begi langu jekundu! Shika begi jekundu!" Hapo macho yote yanatafuta begi, na aliyelishika begi hilo ndiye anayelazimika kulitupa.

Upangaji wa toroli nao una maana yake. Sanduku kubwa lilale chini, mpini wake ukiangalia upande wako unaosukuma, la pili juu yake. Mkoba wenye pasipoti, fedha na simu usiwekwe kamwe kwenye kile kikapu kidogo cha toroli, hata kwa dakika moja unapomfunga mama kiatu. Uvae, mkanda ukipita begani hadi ubavu wa pili, zipu ikiangalia tumbo lako. Mkiwa mmesimama, guu lako moja liwe mbele ya gurudumu. Ni jambo dogo, lakini toroli halitaondoka bila wewe kujua.

Kwa ajili ya mama, kuna msaada usiohitaji mchukuzi wa barabarani hata kidogo. Piga simu kwa shirika la ndege leo, usingoje siku ya safari, uombe kiti cha magurudumu. Mashirika mengi yanataka yaarifiwe angalau saa 48 kabla. Mweleze anayekuhudumia kama mama anaweza kupanda ngazi za ndege lakini hawezi mwendo mrefu, ili aweke alama ya WCHR. Kama ngazi haziwezi, ni WCHS. Omba alama hiyo ionekane kwenye uthibitisho wa tiketi yako. Mhudumu atampokea mama karibu na ndege, atamsukuma hadi kwenye mizigo na kuwatoa nje, na kwa kawaida huduma hiyo haina malipo ya ziada. Mwambie mapema kwamba mpokeaji huenda akachelewa, umuombe awaache kwenye kaunta ya shirika badala ya barabarani. Mtu aliye na mhudumu wa uwanja pembeni yake husogelewa mara chache sana.

Kuhusu simu yako, siwezi kuapa, lakini nadhani najua ilipokwenda. Mchopozi hafanyi kazi peke yake penye watu wengi. Mmoja anachagua, mwingine anaziba njia au kuzusha kisa, wa tatu anachomoa, na kitu kinahamia mkononi mwa mwingine kabla hujapumua mara mbili. Ndiyo maana kumkamata uliyemhisi hakusaidii sana: ukimpekua hana kitu. Watu wanne kukuzunguka na kukudai fedha ni kisa kilekile cha kuziba njia, kwa sura ya ukali. Mkono mmoja ulikuwa kwenye sanduku, macho kwenye buti, na mkoba ulikuwa umefunguliwa ili utoe fedha. Siku nyingine kisa kitakuja kwa upole. Mtu atakumwagia kinywaji na kuharakisha kukufuta, au ataangusha sarafu miguuni pako, au atasimama ghafla mwisho wa ngazi ya umeme nawe ukamgonga huku wa nyuma akikugonga wewe. Mtu asiyekufahamu akikugusa mahali ambapo pana nafasi ya kutosha kupita, usimtazame yeye. Weka mkono juu ya zipu kwanza, ndipo utazame.

Lakini mkono huo usiwe na mazoea ya kupapasa. Abiria wengi, wakiona tangazo la kujihadhari na wezi, wanagusa mara moja mfuko wenye fedha, na kuna mtu amekaa pale anangoja aonyeshwe hivyo. Tengeneza fedha za njiani kabla hujatua, kiasi kidogo cha mchukuzi na chai, mfuko wake peke yake, ili usifungue mkoba mkubwa mbele ya watu. Sehemu nyingine ya hatari ni mkanda wa mizigo wenyewe, pale unapoinama na mikono yote miwili kuvuta sanduku. Mama akae na mkoba wako mapajani, nyuma, mahali unapomwona, na wewe uende mkandani mikono mitupu.

Mkichoka, mmoja alale na mwingine awe macho. Mkanda wa begi upite kwenye mguu wako au mguu wa kiti. Simu ikihitaji chaji, kaa nayo hapo kwenye soketi, au beba chaja ya betri ya kubebeka na uichaji ikiwa ndani ya mkoba. Na mtu akiwaomba mmwangalizie begi lake dakika 2, mkatae, hata awe bibi mwenye sura ya huruma. Hamjui kilichomo, na litakapoachwa mtaulizwa ninyi.

Tuje kwenye gari. Teksi rasmi ziko kwenye foleni, na dereva wa foleni haachi gari lake kuja kutafuta abiria ndani ya ukumbi, maana atapoteza zamu. Hilo pekee linakuonyesha yule anayenong'ona "teksi, dada" mlangoni ni wa namna gani. Ni mpiga debe wa teksi bubu. Maneno yao hayabadiliki sana: foleni imefungwa, teksi zimekwisha, programu ya simu haifanyi kazi hapa, bei yangu ni ya serikali, tazama karatasi hii. Karatasi iliyopigwa plastiki inatengenezwa na yeyote. Bei ya kweli imebandikwa ukutani au inasomwa kwenye mita.

Wanaowanasa watu makini kama wewe ni wale wanaosema, "Nimetumwa na kaka yako." Wekeni ulinzi wa hilo wiki hii, wakati bado mna utulivu. Kubalianeni neno moja na kaka, neno la nyumbani lisiloweza kubahatishwa. Akishindwa kuja mwenyewe akatuma dereva, akuandikie namba za gari, aina na rangi yake, na dereva akifika aseme lile neno. Wewe usitangulize jina. Ukimuuliza, "Wewe ndiye umetumwa na fulani?" atajibu ndiyo hata kama hajawahi kumsikia. Muulize, "Umekuja kumchukua nani?" kisha nyamaza umngoje.

Gari la kuitwa kwa programu ya simu lipimwe hivyohivyo. Soma namba za usajili za gari nyuma yake na uzilinganishe na za kwenye skrini, halafu picha ya dereva, halafu namba ya siri ya safari kama programu inayo. Zikipishana hata tarakimu moja, msipande. Dereva akitaka ufute safari mlipane mkononi, msipande vilevile, kwa kuwa hakutabaki kumbukumbu kwamba mlikuwa naye.

Ngoja nikupitishe kwenye usiku huo unaokuja, hatua kwa hatua. Mmetua, mhudumu anamsukuma mama, mizigo mmepata. Bado mko ndani, unamwandikia kaka. Anajibu kwamba atachelewa saa nzima. Mlinzi anawaomba mtoke. Mnatoka na mhudumu bila kusimama kwenye uzio, hadi kaunta ya shirika, mnakaa mgongo ukutani. Anakuja wa kizibao anagusa toroli. Unaweka mikono yote miwili kwenye mpini na kusema umeshapata mtu. Dakika 20 baadaye anakuja wa pili, anajua jina lako, anasema gari liko tayari. Unamuuliza amekuja kumchukua nani na nani amemtuma. Anataja jina lako, la aliyemtuma hana. Unageuka kwenye kaunta na kumwambia mfanyakazi, kwa sauti yako ya kawaida, kwamba mtu huyu anawasumbua. Ataondoka kabla hujamaliza sentensi. Kaka akishindwa kabisa, unaomba mfanyakazi huyohuyo akuonyeshe ilipo foleni ya teksi, unakubaliana bei kabla buti halijafunguliwa, unapiga picha namba za gari dereva akikuona, na kumtumia kaka. Mkifika, acha mlango mmoja wazi hadi masanduku yote yawe chini, ndipo ulipe.

Na ikitokea tena mkajikuta maegeshoni na sanduku limeshaingia butini, ulichofanya siku ile kilikuwa sahihi. Lipeni, chukueni mzigo, rudini penye taa. Msipande gari hilo kwa kulionea huruma sanduku. Baada ya hapo nenda polisi wa uwanja usiku uleule, si kesho.

Ile simu iliyopotea, kama hujafanya bado: funga laini kwa mtoa huduma wako, kwa kuwa fedha za simu na namba za siri za benki zinapita humo, kisha uifunge simu kwa mbali kupitia akaunti yako. Kwenye simu mpya piga *#06#, uandike namba ya IMEI itakayotokea, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, kwenye daftari linalobaki nyumbani. Simu hiyo nayo ikipotea, polisi wataitaka.

Umeniuliza utakataaje bila kumwaibisha mama. Mama yako ana haki ya kutaka uongee na watu vizuri, na hapa adabu haipingani na usalama. Kinachowaingiza watu mtegoni ni maelezo. "Hapana, tunamsubiri kaka, amekwama kidogo" ni jibu la heshima, nalo limempa mtu habari 3 bure. Sema, "Asante kaka, tumeshapata mtu," ukitabasamu ukipenda, mikono ikiwa kwenye mpini, miguu ikiendelea kutembea. Akirudia, usiongeze neno jipya, rudia hayohayo. Mara ya tatu usimjibu yeye tena, mgeukie mfanyakazi aliye karibu. Mwambie mama maneno hayo kabla ya safari ayajue, ili yeye naye asije akaanza kueleza kwa wema wake kwamba mwanangu yuko njiani.